Nafasi tupu haileti pointi: walimu waache kuwatisha watoto juu ya kubahatisha

Kirolirwe, Masisi. Kila mwaka, mitihani ya taifa inapokaribia, shauri moja linarudi katika madarasa ya Bashali, chini ya miti na ndani ya nyumba za turubai wanamokaa wahami. Mtoto anaambiwa hivi: swali usilolijua, uliache wazi. Walimu wanalisema, wazazi wanalirudilia, na kaka aliyemaliza masomo miaka iliyopita anamwambia mdogo wake vilevile. Linasikika kama shauri la mtu mwenye heshima, anayemfundisha mtoto asijifanye anajua asichokijua.

Ni shauri baya, na limeharibia watoto wa barabara hii ya Sake hadi Kitshanga pointi walizokuwa nazo mkononi. Baya zaidi ni kwamba halimwumizi kila mtoto sawasawa. Mtoto aliyesoma mwaka mzima bila kukimbia halimgusi sana. Linampiga yule ambaye vita vilimtoa darasani, maana ndiye mwenye maswali mengi asiyoyajua, na kwa hiyo ndiye anayeacha nafasi nyingi tupu.

Mtihani unaosemwa hapa ni ule wa kuchagua jibu. Kwa wafinalisti wa sekondari ni kikao cha kawaida cha Exetat, ambako chini ya kila swali kuna majibu matano, yale wanafunzi wanayoyaita asersio, na mtahiniwa anaweka alama kwa moja. Kwa watoto wa shule ya msingi ni ENAFEP, ambayo wazazi wengi wangali wanaiita TENAFEP kama zamani, na kwa wale wa mwaka wa 8 ni TENASOSP. Dissertation ya nje ya kikao haimo katika maneno haya. Pale mtoto anaandika kwa mkono wake mwenyewe na hakuna cha kuchagua.

Katika mtihani wa kuchagua, jibu sahihi linaleta pointi. Jibu baya linaleta sifuri, na nafasi tupu nayo inaleta sifuri. Mashine inayosoma karatasi haiulizi kama mtoto aliacha wazi kwa unyenyekevu ao kwa uvivu. Haina sanduku la zawadi kwa wanyenyekevu. Kwa hiyo mtoto anayeacha nafasi tupu amechagua sifuri ya hakika, na amekataa jibu ambalo lingeweza kuwa la kweli mara 1 katika 5.

Hesabu ya mtoto anayejua maswali 8

Heri kuiweka katika mfano ambao kila mzazi anaweza kuufuata kwa vidole. Tuseme karatasi ina maswali 20, kila swali lina majibu 5, na kufaulu kunataka nusu, yaani 10. Mfano huu umefanywa mdogo ili hesabu ionekane, lakini njia ni ileile karatasi ikiwa ndefu.

Mtoto mmoja anajua maswali 8 kwa uhakika. Mengine 12 hayajui hata kidogo. Akifuata shauri la kuacha wazi, anatoka na 8 juu ya 20. Ni 40 kwa mia. Ameanguka, na ameanguka kwa hakika, kwa sababu hakujiachia hata nafasi moja ya kufaulu.

Mtoto mwingine anajua yaleyale 8, wala si hodari kuliko mwenzake. Yeye anaweka alama kwenye yale 12 bila kujua. Kila moja lina bahati 1 katika 5, kwa hiyo kwa wastani atapata mawili na kitu juu ya yale 12. Anahitaji mawili tu ili afikie 10. Ukichukua watoto 100 walio kama huyu, wapata 72 hivi watapata yale mawili ao zaidi, na 27 hivi watayakosa. Kati ya hao 27, saba hivi hawatapata hata moja.

Basi upande mmoja watoto 100 wanaoacha wazi, wote 100 wanaanguka. Upande mwingine watoto 100 wenye ujuzi uleule wanajaza, na 72 wanafaulu. Hakuna aliyeongezewa somo. Hakuna aliyeiba. Kilichowatenga ni kalamu iliyogusa karatasi na kalamu iliyoogopa.

Sasa mtoto wa mjini, ambaye hakukimbia na mwalimu wake hakukimbia, tuseme anajua maswali 15. Amebaki na 5. Akiyaacha wazi, amepoteza kwa wastani pointi 1, na bado ana 15. Kwake shauri baya ni kama kukwaruzwa na mwiba. Kwa mtoto wa Kirolirwe mwenye 8, shauri lilelile linamnyima pointi 2 na zaidi, tena zile zinazomvusha mstari. Ndiyo maana si haki kusema kwamba wote waliambiwa jambo moja. Neno moja lina uzito tofauti kwa mwenye mengi na kwa mwenye machache.

Na kila mkaaji hapa anajua kwa nini watoto wana machache. Januari 2023 mapigano yalifika Kitshanga na vijiji vya barabara yake, na familia zikabeba magodoro mgongoni. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizokuwa kandokando ya Goma zikavunjwa, na wengi wakarudi Masisi kukuta shamba limeota majani na darasa halina mbao. Katikati ya safari hizo kuna vitabu vilivyobaki njiani, sura za jeometria ambazo hakuna aliyezifundisha, na mwalimu aliyeanza mwaka hapa akaumalizia pengine. Mtoto wa namna hiyo akiingia katika mtihani, kumwambia aache wazi asichokijua ni kumwambia aonyeshe vita vilimnyang'anya kiasi gani, kisha ahukumiwe kwacho.

Wanaosema ni uongo

Upinzani wa kwanza unaosikika ni wa dhamiri: kubahatisha ni kusema uongo. Wazazi wenye imani wanalichukua jambo hili kwa uzito, na wana haki ya kujibiwa. Lakini karatasi haimwapishi mtoto. Haimwulizi kama ana hakika. Inamwambia achague jibu moja kati ya yaliyo mbele yake, na yeye anachagua. Mama anayepanda maharagi bila kujua mvua itanyesha lini hajasema uongo kwa udongo. Uongo katika mtihani ni kuangalia karatasi ya jirani, ni kuingia na simu, ni kumlipa mtu. Hayo yana jina lake na adhabu yake. Kuweka alama kwa mkono wako, kwenye karatasi yako, katika saa yako, si moja ya hayo.

Upinzani wa pili ni wa walimu: ukiruhusu hivyo, wajinga watapata diploma. Huu unaweza kupimwa kwa hesabu. Chukua mtoto asiyejua hata swali moja kati ya 20 na anayebahatisha yote. Kwa wastani atapata 4, yaani 20 kwa mia. Ili afikie 10 anahitaji bahati ambayo, katika watoto 1 000 wa namna yake, itawafikia 3 hivi. Mtihani ukiwa na maswali mengi kuliko 20 na siku zaidi ya moja, hata hao 3 wanapungua. Kwa hiyo kubahatisha hakumbebi asiyesoma. Kunamsukuma aliyesoma nusu, aliyesimama karibu na mlango. Mwalimu anayewaogopa wajinga amefunga mlango usoni pa mtoto mwingine kabisa.

Upinzani wa tatu una ukweli ndani yake. Kuna mitihani ambayo inakata pointi kwa jibu baya. Huko Marekani, mtihani wa SAT ulikuwa unakata robo ya pointi kwa kila jibu baya kwenye maswali yenye majibu matano, hadi ulipobadilishwa mwaka 2016. Hesabu yake ilipangwa makusudi: ukibahatisha maswali 5, moja litakupa pointi 1, na manne mabaya yatakukata robo nne, yaani pointi 1. Unabaki palepale. Katika mtihani wa namna hiyo, kuacha wazi swali usilolijua kabisa hakukupi hasara.

Basi wa kuulizwa ni maagizo ya karatasi. Ukurasa wa kwanza ukisema kwamba jibu baya linakatwa, mtoto atumie akili nyingine: aache wazi pale asipoweza kufuta hata jibu moja, na ajaribu pale alipoweza kufuta. Ukurasa usiposema hivyo, hakuna sababu yoyote ya kuacha wazi. Mwalimu anayekataza kubahatisha anapaswa kuonyesha kwa kidole mstari unaokata pointi. Asipouona, anyamaze.

Kubahatisha kuna akili yake

Hata hivyo wale wanaowaambia watoto wafumbe macho na kupiga alama popote wanakosea pia, kwa upande mwingine. Kabla ya kubahatisha kuna kazi, na kazi hiyo ndiyo inayobadilisha bahati ndogo kuwa bahati kubwa. Kazi yenyewe ni kufuta majibu yasiyowezekana.

Chukua swali hili, ambalo mtoto yeyote wa soko la Kirolirwe analielewa. Mchuuzi alinunua gunia la maharagi kwa franga 80 000, akaliuza kwa faida ya 15 kwa mia. Aliliuza bei gani? Majibu ni haya: (1) 12 000, (2) 68 000, (3) 80 015, (4) 92 000, (5) 95 000.

Mtoto amesahau namna ya kutafuta asilimia. Aliyefundishwa kuacha wazi anapita. Lakini mtoto huyu amekaa sokoni na mama yake, na anajua kwamba mwenye faida ameuza kwa bei inayozidi ile aliyonunulia. Kwa hiyo 12 000 na 68 000 haziwezekani. Anajua pia kwamba hakuna mchuuzi anayebeba gunia kwa faida ya franga 15, basi 80 015 nayo inaondoka. Zimebaki mbili: 92 000 na 95 000. Bahati yake ilikuwa 1 katika 5, sasa ni 1 katika 2, na bado hajakumbuka kanuni. Akikumbuka tu kwamba 10 kwa mia ya 80 000 ni 8 000, na nusu ya hiyo ni 4 000, atafika kwenye 12 000 ya faida, na 92 000 itajitokeza yenyewe.

Yale majibu mabaya hayakuwekwa ovyo. Ile 12 000 ni faida peke yake, imewekwa kwa mtoto anayesahau kuijumlisha. Ile 68 000 ni ya mtoto anayetoa badala ya kuongeza. Ile 80 015 ni ya mtoto anayefikiri 15 kwa mia ni franga 15. Anayetunga swali anakusanya makosa ya kawaida na kuyapanga kama mitego. Kwa hiyo mtoto asifurahi mno anapoona hesabu yake imetoa namba iliyomo kati ya majibu. Kuwemo kwake si ushahidi kwamba ni sahihi. Aiulize namba ile kama ina maana: je, bei imepanda kama ilivyotakiwa? Je, shamba lina ukubwa unaoaminika? Je, mtu anaweza kuwa na miaka hiyo?

Turudi kwa mtoto mwenye maswali 8. Tuseme kati ya yale 12 asiyoyajua, kuna 6 ambayo anaweza kufuta majibu mawili, akabaki na matatu. Yale 6 mengine hawezi kufuta kitu. Watoto 100 wa namna hiyo, wakijaza yote, 87 hivi watafikia 10. Kabla walikuwa 72. Wale 15 walioongezeka wametoka katika kufuta tu, yaani katika kile kidogo ambacho mtoto alikuwa nacho kichwani bila kujua kwamba ni kitu.

Hapa ndipo shauri la kuacha wazi linapoonyesha ubaya wake wote. Linamwambia mtoto kwamba kuna kujua na kutojua, na hakuna kitu katikati. Lakini mtoto aliyesoma kwa kukatizwa ana vitu vingi vya katikati. Amesikia nusu ya somo. Anakumbuka mchoro bila maneno. Kuacha wazi kunatupa nusu zote hizo.

Dakika za mwisho

Wengi wanaokubali kubahatisha wanashindwa mwishoni, kwa sababu wanaliacha jambo hadi msimamizi aseme kalamu chini. Saa hiyo mikono inatetemeka na karatasi inanyang'anywa. Kuna utaratibu unaozuia hali hiyo, na haugharimu hata franga moja.

Mara ya kwanza mtoto apite karatasi yote, ajibu yale anayoyajua, na kwenye yale mengine aweke alama ndogo kando ya swali, kwenye karatasi ya maswali, si kwenye karatasi ya majibu. Mara ya pili arudi kwenye yale yenye alama tu, afute majibu yasiyowezekana, na achague. Yale ambayo hawezi kufuta kitu ayaachie dakika za mwisho.

Katika dakika za mwisho asianze hesabu mpya. Hiyo ndiyo kosa la watoto hodari: wanaona swali gumu la hesabu, wanafikiri dakika 3 zinatosha, na wakati unaisha wakiwa na nafasi 9 tupu. Kuweka alama moja kunataka sekunde 5 hivi. Nafasi 12 ni sekunde 60, yaani dakika moja kamili ya mkono usiosimama. Kwa hiyo anayetaka kujaza 12 katika dakika ya mwisho hana hata sekunde ya kukosea. Aanze dakika 5 kabla: dakika moja kuhesabu nafasi tupu, mbili za kujaza, mbili za kupitia mistari.

Achague namba gani? Watoto wanauziana siri. Mmoja anasema 3 ndiyo inayopendwa, mwingine anasema jibu refu ndilo sahihi, mwingine anasema usirudie namba moja mara tatu. Kwa mtu asiyejua kitu juu ya swali, hakuna namba yenye bahati zaidi ya nyingine. Ila kuna faida moja ya kuchagua namba moja na kuishikilia kwa nafasi zote zilizobaki: haipotezi muda. Mtoto anayesimama kwenye kila mstari kuwaza kama aweke 2 ao 4, huku hana sababu yoyote, anachoma sekunde alizozihitaji kwa mstari unaofuata. Achague namba yake tangu nyumbani, na saa ile asiwaze tena.

Kuna makosa mawili ya mkono ambayo yanaua hata pointi za yale aliyoyajua. La kwanza ni kuruka mstari. Mtoto anaruka swali la 7, kisha anaweka jibu la 8 kwenye mstari wa 7, na kutoka pale kila jibu linakaa mahali pa jirani yake. Dalili yake inaonekana mwishoni: amejibu swali la 20 lakini mstari wa 20 ni mtupu. Anayepita kwanza kwenye anayoyajua yuko hatarini zaidi, kwa sababu anaruka mara nyingi. Dawa ni kusoma namba ya swali na namba ya mstari kwa midomo, bila sauti, kabla ya kila alama. La pili ni alama mbili kwenye mstari mmoja. Anayebadili jibu bila kuondoa la kwanza vizuri ameiachia mashine majibu mawili, na majibu mawili hayahesabiwi kuwa moja sahihi.

Kwa mtoto asiye na saa

Watasema haya yote ni ya watoto wenye saa mkononi. Ni kweli kwamba wengi hawana, simu haziingii katika chumba cha mtihani, na darasa lenye ukuta wa mbao halina saa ukutani. Basi kazi ya kwanza ni ya msimamizi. Atangaze kwa sauti zinapobaki dakika 15, na tena zinapobaki 5, kwa maneno yaleyale kila siku. Maprefe na madirekta wanaweza kulipanga jambo hili kabla ya mtihani, na kamati za wazazi zina haki ya kuliuliza.

Kazi ya pili ni ya mtoto mwenyewe. Asiyejua saa imebaki ngapi asiache nafasi kwa ajili ya baadaye. Katika mara ya pili, kila swali analoligusa aliwekee jibu la muda hapohapo, hata la kubahatisha, na aweke alama kwenye karatasi ya maswali ili arudi wakati ukiruhusu. Wakati ukiruhusu, atabadili. Usiporuhusu, karatasi yake haina tundu. Kwa mtoto wa Kirolirwe njia hii ni bora kuliko ya kungoja dakika ya mwisho, maana hakuna aliyemwahidi kwamba dakika hiyo itatangazwa.

Kazi ya tatu ni ya shule, nayo ni ya juma moja. Walimu wachukue maswali ya miaka iliyopita, wachore karatasi ya majibu ubaoni kama hakuna ya kuchapisha, na watoto waige kwenye daftari. Wafanye kwa muda uliokatwa. Mwishoni mwalimu ahesabu mambo mawili kwa kila mtoto: majibu sahihi, na nafasi tupu. Hesabu ya pili ndiyo ambayo shule hazijaizoea. Mtoto akirudisha nafasi tupu 6, asikaripiwe kwa ujinga. Aulizwe kwa kila moja: ungeweza kufuta lipi? Katika majaribio matatu ao manne nafasi tupu zinapaswa kufika sifuri. Hapo mwalimu atajua kwamba kinachobaki ni masomo yenyewe.

Maana masomo yanabaki. Mtoto anayejua 8 na kubahatisha vizuri anaweza kuvuka. Mtoto anayejua 4 akibahatisha 16 atafika kwa wastani kwenye 7, na 7 haivuki. Wale wanaotembea kambini wakiuza karatasi za majibu kwa siri wanajua kwamba familia za wahami zina haraka, na wanakula juu ya haraka hiyo. Katika Exetat maswali yanapangwa kwa seri mbalimbali, kwa hiyo orodha ya namba iliyonunuliwa gizani haina thamani hata kwa jirani wa benchi. Hata ile bahati ya 1 katika 5 mtoto anayo bure, na hakuna wa kumwuzia.

Mwaka mmoja wa kurudia si kitu kidogo hapa. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na mama anayelipa kwa viazi na maharagi anajua kila franga inatoka shamba gani. Kuna msichana atakayeolewa kwa sababu alianguka kwa pointi 1. Kuna kijana atakayechukuliwa na wenye bunduki kwa sababu hakuwa na darasa la kurudia. Pointi hiyo 1 inaweza kuwa ile iliyoachwa wazi kwenye mstari wa 17, kwa heshima, kama alivyoshauriwa.

Mwalimu aliyetoa shauri hilo hakuwa na nia mbaya. Lakini juma lijalo atasimama tena mbele ya wafinalisti, na ana maneno mawili ya kubadili. Aliwaambia: usilolijua, uliache. Sasa awaambie: usilolijua, lifute unavyoweza, kisha ulijaze, na usirudishe karatasi yenye tundu.